Mali Kauli Hadi Mumbai

Katika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hakuna mkulima atakayemruhusu mtu asiyemjua apakie magunia hamsini ya mahindi kwenye lori kwa ahadi kwamba fedha itatumwa lori likishafika Nairobi. Atakayeomba hivyo atachekwa mbele ya watu. Fedha huhesabiwa kwanza, ndipo magunia yakapanda. Mkulima yule huenda hajawahi kusoma sheria ya mikataba, lakini anafahamu kwamba mali ikishaondoka machoni pake, nguvu yote ya mazungumzo imeondoka nayo.

Ajabu ni kwamba magunia mengine ya uwanda huu huu wa kati, yakiwa ya mbaazi au ufuta, hushuka hadi bandari ya Dar es Salaam na kuvuka Bahari ya Hindi kwa masharti ambayo mkulima wa Kibaigwa angeyakataa bila kufikiri mara mbili. Mnunuzi anajulikana kwa anwani ya barua pepe na picha ya jengo. Makontena yanaondoka, nyaraka zinatumwa, na muuzaji anakaa akisubiri simu. Kwa Kiswahili cha dukani biashara ya namna hiyo ina jina: mali kauli. Mwenye duka humpa jirani mali kauli kwa sababu anaijua nyumba yake, mkewe, na msikiti au kanisa analosali. Sisi tunampa mali kauli mtu aliyeko Mumbai, kisha tunajisifu kwamba tumepata soko.

Nalipinga neno hilo, soko, kama linavyotumiwa katika hotuba za viongozi wetu na katika taarifa za maofisa biashara. Ukisoma taarifa hizo utaona tani, utaona nchi, utaona bei ya matumaini. Hutaona sentensi inayosema mkulima au msafirishaji atalipwaje, na nani amejifunga kulipa endapo mnunuzi atageuka. Mnunuzi asiyejifunga kulipa bado ni mtu aliyeonyesha nia tu. Chombo cha kumfunga kipo, ni cha zamani, na benki zetu kubwa zinacho: barua ya muamana, ambayo wafanyabiashara huiita kwa kifupi elisii.

Babu zetu wa njia hii waliujua mkopo wa mbali. Misafara ya karne ya 19 iliyokatiza Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji ilitembea kwa fedha za kukopa. Tippu Tip alipata mtaji wake kwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan. Mkopo ule ulisimama juu ya kujuana: Taria alimjua Tippu Tip, alijua jamaa zake, na alijua kwamba msafara ukirudi utapita Zanzibar tu. Leo tumebaki na umbali bila kule kujuana. Barua ya muamana ilibuniwa kuziba pengo hilo hilo.

Utaratibu wake, ukiondoa vitisho vya istilahi, ni huu. Muuzaji na mnunuzi wanakubaliana bei na mali. Mnunuzi anakwenda kwenye benki yake, tuseme ya Mumbai, na kuiomba itoe ahadi kwa jina la benki yenyewe: muuzaji akileta nyaraka hizi na hizi, kabla ya tarehe hii, tutamlipa. Benki ya Mumbai inaituma ahadi hiyo kwa mtandao wa SWIFT hadi benki iliyoko Tanzania, nayo inahakikisha kwamba ujumbe ni halali kisha inamkabidhi muuzaji. Kuanzia hapo mdaiwa amebadilika. Kabla ya barua, ulikuwa unamdai mtu. Baada ya barua, unaidai benki, na benki hiyo haiwezi kuifuta wala kuibadili ahadi yake pasipo ridhaa yako. Ndivyo zinavyosema kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris, zijulikanazo kama UCP 600, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007 na ambazo karibu kila barua ya muamana duniani hujitamkia kuzifuata.

Linganisheni na njia ambayo wengi wetu huichagua wakidhani ni salama, ile ya malipo dhidi ya nyaraka. Huko pia kuna benki mbili, kuna nyaraka, kuna mihuri. Muuzaji akiona mihuri hutulia. Lakini katika njia hiyo benki ni tarishi: inapeleka nyaraka, inamwambia mnunuzi alipe ndipo azichukue, na mnunuzi akisema hataki, benki inakuandikia kwamba mnunuzi hataki. Haina deni lolote kwako. Wakati huo mbaazi zako ziko bandari ya Nhava Sheva, kontena linahesabiwa siku za kucheleweshwa, na mnunuzi anapiga simu kwa sauti ya upole kusema kwamba bei imeshuka, punje zina unyevu, apunguziwe asilimia 10. Utasema utamuuzia mwingine. Forodha ya India kwa kawaida hudai barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa yule yule mnunuzi wa kwanza kabla mzigo haujahamishiwa jina lingine au kurudishwa ulikotoka. Unamwomba aliyekukaba akusaidie kujinasua.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 maelfu ya makontena, mengi yakiwa na kunde na nafaka za jamii hiyo, yalikwama katika bandari ya Karachi kwa sababu benki za Pakistan hazikuwa na dola za kutosha. Wanunuzi wengi huko walitaka kulipa na walikuwa na rupia za kulipia. Kilichokosekana ni benki iliyokuwa imejifunga mapema kutoa dola. Muuzaji aliyesafirisha kwa kauli alijifunza kwamba mnunuzi anaweza kuwa mwaminifu na bado usilipwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika, kwa maana linawahusu watu wa Kondoa na Babati moja kwa moja. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India, mnunuzi wetu mkuu wa mbaazi, iliziondoa mbaazi katika orodha ya bidhaa zinazoingizwa kwa uhuru na kuziweka katika orodha yenye masharti, kwa ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Bei huku kwetu ikaporomoka. Wakulima waliolima kwa kuitazama bei ya msimu uliotangulia wakabaki na magunia ndani ya nyumba. Simulizi rasmi ikawa kwamba India imefunga mlango na hakuna ambaye angeweza kufanya lolote. Simulizi hiyo inajitosheleza, haina mkosaji wa hapa nyumbani, na ndiyo maana inapendwa.

Lakini kitabu cha Sera ya Biashara ya Nje ya India ya miaka ya 2015 hadi 2020 kilikuwa na kifungu, cha 1.05, ambacho kila anayeuza India alipaswa kukijua kama ajuavyo jina la bandari. Kinasema kwamba bidhaa iliyokuwa huru ikiwekewa masharti, mzigo wake kwa kawaida utaruhusiwa kuingia bado, isipokuwa tangazo limesema vinginevyo, mradi uwe unasafirishwa ndani ya muda wa barua ya muamana isiyotanguka iliyofunguliwa kabla ya siku ya tangazo. Mwagizaji hupewa siku 15 za kuisajili barua hiyo kwa mamlaka. Kifungu hakiutaji mkataba uliosainiwa, wala barua pepe za kukubaliana bei, wala urafiki wa miaka kumi. Serikali ya India, ilipotafuta alama ya kutofautisha biashara iliyokwisha kufungwa na biashara ya maneno, ilichagua barua ya muamana.

Nguvu ya alama hiyo ilionekana wazi miaka mitano baadaye, upande wa pili wa mlango. Tarehe 13 Mei 2022 India ilizuia ngano yake isiuzwe nje. Wenye barua za muamana zilizotolewa kabla ya siku hiyo waliruhusiwa kuendelea. Wenye mikataba mitupu walibaki na malori yao nje ya bandari ya Kandla. Barua hizo zikawa na thamani kubwa kiasi kwamba baadhi ya watu walianza kughushi za tarehe za nyuma, hata mamlaka ya biashara ya nje ya India ikaamuru zihakikiwe moja moja, pamoja na ujumbe wa SWIFT uliopita kati ya benki. Karatasi hughushiwa iwapo tu ina nguvu. Sijapata kusikia mtu ameghushi kauli.

Na hatari hiyo haijapita. Mei 2021 India ilizifungulia tena mbaazi, lakini kwa muda, na muda huo umekuwa ukiongezwa kwa tangazo baada ya tangazo. Msumbiji ilijipatia makubaliano ya mgawo wake mwaka 2016, Malawi mwaka 2021. Sisi tunaishi kwa tangazo. Anayeishi kwa tangazo anahitaji karatasi yenye tarehe kuliko jirani yake mwenye mgawo.

Nimekwisha kusikia majibu ya hoja hii, mengine darasani, mengine katika korido za ofisi hapa Dodoma. La kwanza ni gharama. Tuchukue mfano wa makontena matano ya futi 20, kila moja likiwa na tani 24 za mbaazi, jumla tani 120, kwa bei ya mfano ya dola 700 kwa tani. Thamani ni dola 84,000. Tuseme ada zote zinazomwangukia muuzaji, pamoja na ya benki ya hapa kuongeza uthibitisho wake, zinafika asilimia 2. Hiyo ni dola 1,680, yaani senti 1.4 ya dola kwa kilo. Punguzo la asilimia 10 analodai mnunuzi aliyekwisha kukuona huna pa kwenda ni dola 8,400, senti 7 kwa kilo. Msafirishaji aliyewahi kuumwa hivyo mara moja hasahau. Msimu unaofuata anaikata hasara anayoiogopa katika bei anayomtajia mkulima wa Kondoa, au anamwomba mkulima huyo mali kauli. Gharama ya kuepuka barua inalipwa shambani, na mtu asiyejua hata kwamba kuna barua ya namna hiyo.

Kwa haki, hesabu hiyo inageuka mzigo unapokuwa mdogo. Benki huwa na ada za chini zisizopungua hata kama thamani ni ndogo, na kwa kontena moja zinaweza kula faida yote. Ndiyo sababu barua ya muamana inahitaji ujazo, na ujazo katika uwanda huu unapatikana kwa vyama vya ushirika kuunganisha mazao. Tunao tayari mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, ambao msingi wake ni ule ule: karatasi inayosimama badala ya mali, inayoaminika kwa sababu ya mtu wa tatu aliyejifunga. Tumewafundisha wakulima kuiheshimu karatasi ghalani, kisha gunia likivuka lango la bandari tunarudi kwenye kauli.

Jibu la pili ni kwamba mnunuzi atakataa, atakwenda kwingine. Yuko mnunuzi mkubwa, anayejulikana duniani kote, anayekataa kwa sababu haoni haja. Huyo ana jina la kulinda na unaweza kumpima kwa njia nyingine. Mimi namzungumzia usiyemjua. Ili kufungua barua ya muamana, benki yake itamtaka aweke fedha taslimu kama kinga au awe na kiwango cha mkopo alichokubaliwa. Benki hiyo inaziona hesabu zake kila siku. Akikuambia kwamba benki yake haiko tayari kumdhamini kwa dola 84,000, amekupa taarifa ambayo hukuweza kuinunua kokote. Wewe, uliyeko Dodoma, unamwamini kwa lipi ambalo benki yake hailioni?

Tena barua inamlinda naye, ingawa si kikamilifu. Halipi kabla mzigo haujapakiwa melini, kwa kuwa hati ya shehena ni mojawapo ya nyaraka zinazodaiwa. Anaweza kutaka cheti cha kampuni huru ya ukaguzi kuhusu ubora na uzito wakati wa kupakia. Mpaka wake ni kwamba benki hutazama karatasi na haifungui gunia. Kesi maarufu ya jambo hili iliamuliwa New York mwaka 1941: mnunuzi alilalamika kwamba muuzaji wa India, aliyepaswa kupeleka nywele ngumu za nguruwe za kutengenezea brashi, alijaza makasha nywele za ng'ombe na takataka, kisha akatengeneza nyaraka safi. Mahakama ilikataa kuitupa kesi yake, na tangu hapo imekubalika kwamba ulaghai wa wazi unaweza kuzuia malipo. Punje kuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa haumo katika ulaghai huo.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo hutoka kwa watu waliojaribu: "Tulikuwa na elisii, na hatukulipwa." Ni kweli, hutokea, na nyaraka nyingi hukataliwa zinapowasilishwa benki mara ya kwanza. Lakini ukifuatilia utaona kwamba wengi waliipokea barua wakafurahia kiasi cha fedha kilichoandikwa, wakaenda kununua mbaazi, na wakaisoma barua yenyewe siku ya kupeleka nyaraka. Barua ya muamana husomwa kabla ya kununua gunia la kwanza. Hii ni sehemu ya barua ya mfano wetu, kama inavyoonekana kwenye ujumbe wa SWIFT wa aina ya MT700:

```
:40A: IRREVOCABLE
:31D: 250930TANZANIA
:32B: USD84000,
:44C: 250831
:45A: 120 MT PIGEON PEAS IN 50 KG BAGS
:48:  21
:49:  CONFIRM
```

Mistari saba, na karibu kila mmoja una mtego. Mstari wa `31D` unataja siku ya mwisho ya barua, 30 Septemba 2025, na mahali. Hapa mahali ni Tanzania, maana yake ukizifikisha nyaraka kwenye benki ya hapa siku hiyo, umewahi. Ukikuta imeandikwa India, siku za posta zote ni zako, na nyaraka zikichelewa njiani barua imekufa. Mstari wa `44C` ni siku ya mwisho ya kupakia melini, 31 Agosti. Sasa tuseme meli ilipakia tarehe 28 Agosti. Muuzaji anatazama `31D`, anaona anao muda hadi mwisho wa Septemba, anakwenda Kondoa kumzika ndugu. Lakini `48` inasema 21: nyaraka ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kupakia. Siku yake ya mwisho ni 18 Septemba. Akifika tarehe 20 na nyaraka zisizo na doa, benki itazikataa kihalali.

Mstari wa `45A` unafundisha zaidi. Umesema tani 120 katika magunia ya kilo 50. Kanuni za UCP 600, ibara ya 30, zinaruhusu ujazo kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, mradi fedha zinazodaiwa zisivuke kiwango cha barua. Basi ukipakia tani 118.8, pungufu ya asilimia 1, unalipwa kwa ulichopakia. Lakini kama barua ingesema `2400 BAGS`, ruhusa hiyo inafutika, kwa kuwa haitumiki pale ujazo unapotajwa kwa idadi ya vifungashio. Magunia 24 yakipasuka bandarini na ukapakia 2,376, una kasoro. Mbaazi ni zile zile, upungufu ni ule ule, ila neno moja la mnunuzi limehamisha hatari kutoka kwake kuja kwako. Ukilisoma siku ulipopokea barua, unamwandikia abadilishe kabla hujatumia shilingi. Ukilisoma mbaazi zikiwa baharini, unamwomba msamaha.

Na kasoro ikishatokea, hukumu yake ndiyo hii: benki ina siku tano za kazi za kukagua, ikikuta kasoro inakataa, kisha kwa kawaida inamuuliza mnunuzi kama anaridhia. Umerudi mikononi mwa mtu uliyekuwa unamkimbia. Bei ikiwa imepanda ataridhia siku hiyo hiyo. Bei ikiwa imeshuka, herufi iliyokosewa katika jina la kijiji itamsumbua dhamiri.

`49` hujibu swali la Karachi. Neno `CONFIRM` linamaanisha kwamba benki ya Mumbai imeiomba benki nyingine, tuseme ya Dar es Salaam, iongeze ahadi yake juu ya ahadi ya kwanza. Benki hiyo ikikubali, unadai hapa hapa, na kukosekana kwa dola ng'ambo ni tatizo lake, si lako. Ikiwa imeandikwa `WITHOUT`, benki ya hapa imekufikishia barua tu. Wauzaji wengi huiona nembo ya benki wanayoijua juu ya karatasi wakadhani ndiyo iliyojifunga.

Mtego mbaya kuliko yote hukaa katika mstari wa `46A`, orodha ya nyaraka, ambao nimeuacha makusudi ili niuseme peke yake. Humo utakuta ankara, hati ya shehena, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha kufukiza dawa. Zote hizo unaweza kuzipata bila ruhusa ya mnunuzi. Kisha, katikati ya orodha, pengine kwa lugha ya adabu kabisa, utakuta cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mwakilishi wa mwagizaji baada ya mzigo kufika. Soma tena. Ukikubali mstari huo, barua yako haikulindi na chochote, kwa sababu karatasi moja ya lazima iko mfukoni mwa mdaiwa. Asipoisaini huna nyaraka kamili, na benki itakuwa sahihi kutokulipa. Wapo wanunuzi wanaoiandika kwa mazoea, na wapo wanaoiandika wakijua wanachofanya. Muuzaji hana haja ya kuwatofautisha, aukatae mstari tu.

Sasa nawageukia watumishi wa umma, ambao najua wananisoma kwa sababu huniambia tukikutana. Halmashauri zetu zina maofisa biashara. Wizara ziko hapa hapa mjini. Ujumbe wa wanunuzi unapokuja, tunawapangia ukumbi, chai na picha ya pamoja, na hati ya makubaliano husainiwa ikitaja tani. Hakuna sheria inayomzuia ofisa kuuliza, kabla ya kalamu kuguswa, maswali matatu: barua ya muamana itatolewa na benki gani, itathibitishwa na benki ipi ya hapa, na rasimu yake wauzaji wataiona lini. Neno rasimu ni muhimu. Mnunuzi mwenye nia hutuma rasimu ya barua kabla ya kuifungua rasmi, na katika rasimu kurekebisha mstari hakumgharimu mtu kitu.

Kwa wanafunzi wangu wa biashara na sheria, ambao wanaweza kunifafanulia nadharia ya faida linganishi kwa kurasa sita lakini hawajawahi kuonyeshwa ujumbe wa MT700, lawama ni yetu sisi tunaotunga mitaala. Wanachama wa vyama vya ushirika vya Kondoa wanapopokea karatasi hiyo humtafuta kijana aliyesoma awasomee. Kijana anatafsiri Kiingereza chake vizuri, anasoma kiasi, anasoma jina la benki, anasoma tarehe, na akifika `46A` anasema orodha ni ya kawaida.